Ukurasa Mmoja wa Ghala la Baridi

Kabla ya kuandika ukurasa ule niliamini kwamba maneno mazuri yanaweza kubeba kitu chochote, hata samaki. Nilikuwa kijana, nilikuwa nimeanza riwaya yangu ya kwanza, na kila Jumamosi tulikutana vijana watano katika ukumbi wa kanisa mjini Kisumu kusomeana tulichoandika na kugombana juu yake. Siku nyingine za juma nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo ya kuandikia watu barua na maombi.

Baba Mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Alinunua ngege, wale perege wa ziwani, kwa wavuvi asubuhi, akawapanga katika masanduku yenye barafu na kuwapeleka Nairobi kwa treni. Samaki walipopatikana kwa wingi, behewa lilijaa haraka, na waliobaki waliharibika palepale ufukweni. Nilikuwa nimemwona akimwaga shehena nzima shimoni, mikono yake ikinuka, macho yake yakitazama ziwa kana kwamba limemtukana. Ndiyo sababu alitaka kujenga ghala la baridi, ambamo samaki wangekaa hadi treni na wanunuzi wapatikane. Kiwanja alikuwa nacho, karibu na reli. Pesa za kujenga hakuwa nazo.

Mwaka ule katika miaka ya sabini tulisikia kwamba tajiri mmoja wa Nairobi, mwenye mabucha na hoteli, angefika Kisumu kwa siku tatu kutafuta miradi ya kutia pesa. Karani wake alitangulia. Baba Mdogo alimpelekea jalada la kurasa kumi na tatu, na karani akalirudisha bila kulifungua.

"Mzee hasomi zaidi ya ukurasa mmoja," alisema. "Ukimvutia, atakuita. Usipomvutia, basi. Niletee Jumatano kabla ya saa sita."

Basi kazi ikawa yangu.

Rasimu ya kwanza ilianza na alfajiri juu ya maji. Baba Mdogo aliisikiliza nikisoma, akakuna kidevu.

"Nyathina, mwanangu, hii ni nzuri sana," akasema. "Lakini samaki wanaingia lini?"

Naye alitaka tuanze na salamu, habari za afya na jina la babu yake, maana barua isiyo na salamu ni ya polisi. Tulivutana hadi tukakubaliana: salamu mstari mmoja, alfajiri itoke. Yaliyobaki tuliyapanga kwa kufuata maswali ambayo mgeni angeuliza. Shida ni nini. Ghala litaitatuaje. Nini kipo tayari: hati ya kiwanja, nguzo za umeme zilizopita jirani, barua za shule mbili na hoteli moja zilizokubali kununua. Pesa zitarudije: kila mfanyabiashara atalipa kodi ya kreti kwa siku. Tunaomba kiasi gani. Na mwisho, tunaomba nini sasa: nusu saa ya kuonana, si zaidi. Kiwanja hatukukitaja kilipo hasa, wala majina ya wavuvi. Hayo yangesemwa ana kwa ana, mtu akishaonyesha nia.

Palibaki pengo moja: ghala litabeba kreti ngapi? Fundi wetu wa mitambo ya baridi, aliyekuwa akitunza vyumba vya baridi vya meli bandarini, alikuwa safarini ziwani hadi Alhamisi. Baba Mdogo akachukua penseli. Aligawa chumba kwa kreti, ukuta hadi ukuta, sakafu hadi dari, kama alivyopakia behewa miaka yote.

"Mimi na kupakia?" akasema. "Hata nafasi ya nzi siachi."

Nilichapa alichonipa. Jumatano kabla ya saa sita ukurasa ulikuwa mkononi mwa karani, hotelini.

Alhamisi asubuhi fundi alipita ofisini akitokea bandarini. Nilimpa nakala ya kaboni kwa fahari. Alisoma taratibu, akifuata kwa kidole chenye grisi, na kidole kikasimama.

"Yawa! Nani ameandika namba hii?"

"Baba Mdogo."

"Huyu amepakia treni, hajajenga ghala!" Akaketi. "Sikiliza, mwandishi. Kwenye behewa, samaki wanapoa kwa barafu. Ukiwabana, barafu inakaa. Kwenye chumba cha baridi, kinachopoza ni hewa. Feni inaisukuma, hewa ipite chini ya kreti, kando ya kuta, katikati ya safu, irudi kwenye mtambo. Ukijaza hivi, kreti za pembeni zitaganda na za katikati zitaoza. Na watu watapita wapi kuzitoa? Kreti ni nusu ya hizi. Nusu!"

"Labda hataona."

"Mtu mwenye mabucha? Hiyo ndiyo ataona kwanza."

Baba Mdogo alipofika na kuelezwa, aliipitia upya hesabu yake kwa kidole. Kisha akasema tuache tu, tusijiumbue wenyewe, tajiri akituita tutaeleza. Nilitamani sana kumkubalia. Lakini kodi yote kwenye ukurasa ule ilihesabiwa kwa kreti zile, na tulikuwa tukimwomba mtu pesa kwa chumba ambacho hakiwezekani.

"Akituita kwa namba hii," nilisema, "tutakwenda kufukuzwa tukiwa tumevaa tai."

Fundi akacheka. Baba Mdogo hakucheka, ila alivuta kiti. Tulipunguza kreti, kodi ikapungua, na miaka ya pesa kurudi ikaongezeka. Ukurasa mpya ulionekana mnyonge. Chini yake nilichapa sentensi tatu tu: kwamba ukurasa wa jana ulihesabu ghala kama behewa la treni, kwamba fundi wetu amesahihisha ili hewa ipite, na kwamba tunaomba nusu saa ileile, na fundi atakuwepo.

Nilikwenda hotelini kwa baiskeli. Karani alikuwa ukumbini akinywa chai.

"Ule wa kwanza yuko nao mezani," alisema. "Niutoe kimyakimya?"

"Hapana. Mpe huu uwe juu yake."

Aliniangalia kana kwamba nimekuja kujishtaki, akapanda ngazi. Nilihesabu vigae vya sakafu. Viatu vyangu vilikuwa na vumbi na sikujua pa kuvificha.

Karani hakurudi peke yake. Mzee mfupi alishuka nyuma yake, miwani imepanda kwenye paji la uso, kurasa zote mbili mkononi.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndiyo, Mzee."

"Huu wa jana niliuweka kando asubuhi. Nikasema, hawa hawajawahi kuingia chumba cha baridi." Akatikisa ule wa pili. "Mimi chumba changu cha kwanza cha nyama nilikijaza hivyohivyo, mpaka mlango ukakataa kufunga. Nyama ya katikati ilinuka mtaa mzima. Huyo fundi wenu ni wa kweli?"

"Yuko ofisini sasa hivi, Mzee."

"Kesho saa mbili, kabla sijaondoka. Mje naye. Na mwenye kiwanja aje na hati, si maneno."

Nilirudi nikikanyaga pedali kama ninayefukuzwa na nyuki. Baba Mdogo alikuwa amesimama barabarani mbele ya ofisi, kofia mkononi. Hakusubiri nishuke.

"Ametoa pesa?"

"Ametoa saa mbili asubuhi."

Alifunga macho. Mabega yake, ambayo siku zote niliyajua yamepanda juu karibu na masikio, yalishuka polepole. Fundi alimpiga mgongoni na kumwambia akanyoe ndevu. Baba Mdogo akaenda moja kwa moja nyumbani Nyamasaria kutafuta hati, na jirani zake waliniambia baadaye kwamba njia nzima alikuwa akisalimia watu asiowajua.