Asali ya Baba Mkubwa

Nilipokuwa karani wa mahakama ya mwanzo pale Tabora, fundi cherehani mmoja, Mwislamu, alifariki bila kuacha wosia. Aliacha mama, kaka, na mke mwenye mimba ya kwanza. Kaka alitaka nyumba igawanywe mara moja.

"Subiri mtoto azaliwe," nilimwambia. "Mke atapata moja ya nane, mama moja ya sita. Akizaliwa binti, atachukua nusu ya mali, na kinachobaki ni chako. Akizaliwa wa kiume, kinachobaki chote ni chake."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa baba mkubwa."

Bibi mmoja sokoni alimhakikishia kwamba asali huleta mabinti. Basi kila asubuhi alimpelekea shemeji yake asali na maziwa, naye shemeji alikula bila kubisha.

Siku moja akaingia ofisini ameduwaa. "Dume, karani! Kilo nne! Asali yangu yote ile!"

"Pole. Nani amemwadhinia?"

"Mimi, nani mwingine? Namwadhinia sikioni, kanishika kidole, haachii." Akakitazama kidole, akashindwa kuzuia tabasamu. "Nyumba amechukua, sasa anataka na kidole."