Kreti ya Tofayel

Tofayel Mia ni mkata vitambaa katika duka letu la kushona, Mirpur, Dhaka. Mkasi wake husikika kabla yake mwenyewe. Mpe kitambaa cha sherwani, lile koti refu la harusi, akitazame mara moja, atakwambia kitamtosha nani na kitabaki kiasi gani. Mpe simu azungumze na mtu asiyemjua, atatokwa jasho kama anayeulizwa na polisi. Ndiyo maana mwaka ule aliponunua maembe kwa simu, sisi wa meza ya kola tuliacha kazi kumtazama.

Maembe hayakuwa yake. Yalikuwa ya dada yake Hasna, aliyeolewa Moulvibazar, upande wa Sylhet. Kule, msimu wa matunda ukifika, nyumbani kwa bibi arusi hupeleka matunda kwa wakwe zake, na wakwe huyagawa mtaa mzima. Jirani akila, anauliza, "Haya ya nani?" Jina linatajwa, na bibi arusi anatembea kifua mbele mpaka mwakani. Yasipofika, jirani anauliza vilevile.

Hasna ana ndugu mmoja tu duniani, naye ni huyu wetu. Wazazi walishafariki. Tofayel na Hasna ni watu wa Jamalpur, na Jamalpur mambo hayo hawayashiki sana, kwa hiyo mwaka wa kwanza wa ndoa hakikupelekwa kitu, wala Tofayel hakujua kwamba kuna kitu cha kupeleka. Mwaka wa pili Hasna alimpigia.

"Kaka, kwao mke wa shemeji mkubwa wameleta gari zima la maembe. Mimi sitaki gari. Kreti moja tu. Mazuri."

"Nitaleta mwenyewe," Tofayel akasema.

Lakini Idi ilikuwa inakaribia, na fundi wetu mkuu, Haji Motaleb, wakati wa Idi hampi ruhusa hata maiti. Basi Tofayel akatafuta mtandaoni, akampata muuzaji wa Rajshahi anayeitwa Ekramul, aliyejipiga picha amekumbatia mti kama mchumba. Akaagiza kreti moja ya himsagar, yale matamu yasiyo na nyuzi. Ekramul angeyafunga kwenye kreti ya plastiki, angeipeleka kwa kampuni ya vifurushi, na upande wa Hasna wangepata ujumbe wa simu waende kuchukua tawini, mjini Moulvibazar. Embe husafirishwa gumu, likaivie nyumbani. Hilo kila mtu analijua, na ndilo lililotuponza.

Kreti ilifika. Ruhel, shemeji mdogo wa Hasna, aliifuata kwa bajaji. Jina la Hasna lilikuwa kwenye kifuniko, kwa wino mnene, hakuna shaka. Ikatuliwa uani, majirani wakajisogeza na vikapu kama vile walikuwa wanapita tu. Mama mkwe akakata kamba. Ndani yake maembe madogo, mabichi, ya kijani kama kasuku.

Mke wa shemeji mkubwa, anaitwa Shirin, ndiye wa kwanza kuzungumza. "Ee! Haya ni ya mwenye mimba, ya kula na chumvi na pilipili. Hasna, una habari ya kutuambia?"

Wanawake wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, kwa sababu walikumbuka kwamba mume wa Hasna yuko Qatar, na hajarudi tangu Idi ya mwaka jana. Hasna akaingia ndani. Jioni akampigia kaka yake, akamwambia yote kwa sauti ya chini, halafu akasema, "Sijui umenifanyia nini, kaka."

Tofayel akampigia Ekramul. Tulimzunguka pale kwenye meza ya kukatia, kila mmoja akimpa maneno ya kusema, naye hakusema hata moja.

"Kaka, maembe ni mabichi," alisema tu.

"Bichi ndiyo sawa, kaka yangu!" Ekramul alikuwa na sauti ya mtu anayeuza hata akilala. "Yakisafiri yameiva yatafika jamu. Wayatandike kwenye majani makavu, wayafunike, wayasahau. Yatawaita yenyewe kwa harufu."

"Aa. Asante, kaka. Samahani kwa usumbufu."

Samahani! Mtu ameibiwa utamu na anaomba radhi. Nikamwambia, "Kaka Tofayel, wewe ukigongwa na basi utamlipa dereva nauli." Akageukia simu tena. Alimpigia Hasna kumweleza habari ya majani.

Hasna akatii. Akayatandaza chini ya kitanda, akayafunika. Kila asubuhi aliinama kuyanusa. Mama mkwe, Bi Korimunnesa, alimwangalia akiinama na kuinuka mpaka uvumilivu ukamwisha. Akachukua embe moja, akakaa chini mbele ya kile kisu chao cha kusimama kinachobanwa kwa mguu, akalisukuma kwenye makali. Kisu kilipita moja kwa moja, kokwa na vyote. Ndani kokwa lilikuwa jeupe, laini kama jibini.

"Tazama, mwanangu. Embe lililokomaa, kisu kinagonga kokwa, kinakataa. Hili halijakomaa. Hata ukilisomea Yasini haliivi, litasinyaa tu. Haya yamechumwa ya achari."

Hakusema kwa ubaya, Hasna mwenyewe alikiri. Lakini Shirin alikuwa mlangoni. "Kumbe kaka mtu ametutumia kazi tufanye! Viungo vya achari atatuma lini?"

Hasna akapiga picha ya kokwa lile, akamtumia kaka yake bila neno hata moja. Baada ya hapo alizima simu.

Tofayel aliitazama ile picha huku kitambaa cha mteja kikiwa mbele yake. Akakata mkono wa kushoto wa nguo mara mbili. Haji Motaleb aliona. Katika miaka yote hatujawahi kumwona Tofayel akikosea mkono, kwa hiyo hata Haji alisahau kupiga kelele.

"Kuna nini?"

Tofayel akaonyesha simu. Haji akalitazama lile kokwa, akapumua. "Mpigie huyo mtu. Mbele yangu. Na usimwombe samahani."

Safari hii alipiga simu ya video, wakaonana uso kwa uso. Ekramul alikuwa bustanini, nyuma yake watu wanapakia. Tofayel akamtumia picha ya kokwa.

Yule bwana akaisogeza simu machoni. "Subiri. Ndani ya kreti kulikuwa na karatasi za magazeti?"

"Hapana. Majani tu."

"Aisee. Himsagar zote nazifunga kwa gazeti." Akageuka, akamwita mtu kwa jina ambalo hatukulisikia vizuri, kisha akaita tena kwa tusi ambalo tulilisikia. Shemeji yake ndiye aliyekuwa akiandika majina, na alikuwa akiandika kreti zikishafungwa. Siku hiyo kreti mbili zilielekea upande mmoja. Ya pili ilikuwa ya Bi Sufia wa Sreemangal, anayetengeneza achari za kuuza, na majina yalikuwa yamebadilishana.

"Kaka, kosa ni letu. Nakurudishia pesa yote sasa hivi."

Na hapo Tofayel, yule wa samahani, akasema, "Sitaki pesa. Pesa jirani hali. Dada yangu ameinamisha kichwa mbele ya wakwe zake kwa ajili ya kalamu ya shemeji yako. Nataka maembe yake."

"Lakini msimu huu nina..."

"Maembe yake, kaka."

Haji Motaleb akatikisa kichwa taratibu, kama imamu aliyesikia aya imesomwa sawasawa. Ekramul akajikuna. "Kwetu embe tunawapa mpaka mbuzi," alisema, lakini kwa unyonge. "Haya. Nampigia mama wa Sreemangal."

Kumbe kreti ya Bi Sufia ilikuwa bado tawini Sreemangal. Alipata ujumbe, lakini goti lilikuwa linamsumbua, akasema achari itangoja. Tofayel akapiga simu kwenye tawi hilo. Akaeleza yote tangu Jamalpur. Aliyepokea alikuwa kijana mwenye mafua.

"Siwezi kumpa mtu mwingine," akasema. "Mzigo una namba ya simu ya mpokeaji. Kubadilisha mpokeaji, aliyetuma aende na risiti tawi alikotumia, waombe, sisi tuletewe idhini."

"Itachukua muda gani?"

"Kaka, mimi sijui. Ila nikwambie, huu mzigo unanukia. Wenzangu wameanza kupata njaa. Ukianza kuvuja tutautoa nje, kuna nyaraka za watu hapa." Akapenga kamasi. "Lakini kwa nini mbadilishe? Mwenye namba aje achukue mzigo wake. Akishatoka mlangoni, akaupeleke mwezini, shauri yake."

Ilikuwa rahisi hivyo. Tatizo lilikuwa goti.

Ekramul akamwomba Bi Sufia aichukue, akaibadilishe na ya Hasna. Bi Sufia akauliza maembe yake ya achari yako wapi. Akaambiwa yamefunikwa kwa majani chini ya kitanda cha bibi arusi Moulvibazar. Tunaambiwa alipiga ukelele. Embe la achari likikaa kwenye joto linanywea, linapoteza ukali. Kwa ajili ya dada wa mtu asiyemjua labda asingeinuka, lakini kwa ajili ya ukali wa maembe yake aliinuka na goti lake, akakodi bajaji kwa gharama ya Ekramul, akapita tawini, akataja namba yake, akapewa kreti.

Yaliyofuata alitusimulia Hasna kwa simu, na nyuma yake kulikuwa na makelele mpaka tuliweka sauti juu tusikie wote.

Bi Sufia aliingia uani akichechemea, dereva nyuma yake na kreti kichwani. Harufu ilikuwa imetangulia. Majirani walijikuta wanapita tena. Mama mkwe alipofungua, upande mmoja maembe yalikuwa yamepondeka, majimaji yameloanisha gazeti. Yaliyobaki yalikuwa ya dhahabu, laini ukiyabonyeza. Bi Sufia naye alichungulia chini ya kitanda, akarudi amefura.

"Nani ameyafunika maembe yangu kama vifaranga?"

"Mimi, mama," Hasna akasema.

"Ulidhani yataanguliwa?"

Uani kukalipuka kicheko, na safari hii Hasna alicheka pamoja nao. Shirin alikula mawili akiwa amesimama, akaomba la tatu, na jirani mmoja mwenye mdomo unaochuruzika akauliza, "Haya ya nani?"

"Ya kaka yake Hasna wa Dhaka," akajibu mama mkwe kwa sauti ya kufika barabarani.

Hasna alipomaliza kusimulia, mama mkwe akaichukua simu. Tofayel alisimama wima pale mezani, mkasi mkononi, kama anaonekana.

"Assalamu alaikum, mama."

"Wa alaikum salaam, baba. Maembe tumekula. Matamu. Yaliyopondeka nimepika jamu. Sasa sikiliza, sisi mzigo hatupokei kutoka kwa mtu mwenye mafua. Tunapokea kutoka kwa mtu wa nyumbani. Huyu mtoto tangu aolewe hajatembelewa na mtu. Unadhani Shirin anapata wapi mdomo? Kaka zake huja, hukaa, hula wali wangu. Wa Hasna, nani amekula wali wangu?"

Tofayel alifungua kinywa. "Mama, kazi..."

"Idi ikipita kazi inapungua, hata sisi tunavaa nguo, tunajua. Na maembe peke yake hayatoshi. Fenesi liko wapi? Hilo huwezi kulituma, litawapasua hao watu wa vifurushi."

Tofayel akamtazama Haji Motaleb. Hakuomba, ni yule yule Tofayel bado. Haji alikuwa amesikia kila neno, akajifanya anatafuta tepu ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake.

"Siku ya tatu ya Idi," Haji akasema hatimaye. "Na ukate ule mkono wa kulia kwanza."

Siku ya tatu ya Idi nilimsindikiza stendi ya Sayedabad. Alikuwa amenunua fenesi kubwa kiasi kwamba kondakta alitaka kulikatia tiketi. Wakabishana. Tofayel alishinda, nilimsikia mwenyewe, kisha akapanda, akakaa dirishani na lile dude mapajani, miiba ikimchoma kupitia suruali mpya, akitabasamu.