Sauti Iliyozuiwa Mlangoni

Hospitalini walimwita Bawabu, ingawa hakuwahi kushika rungu wala kusimama getini. Alikuwa fundi wa kompyuta, chumba chake kiko mwisho wa korido ya maabara, na alilolinda ni barua pepe za watu mia tatu na ushee, kuanzia mganga mkuu hadi karani wa mapokezi. Picha zilipita, barua zilipita, majibu ya vipimo yalipita. Lakini ukitumiwa programu, au hata kile kifaili kidogo cha amri ambacho kompyuta hukitekeleza chenyewe, barua ingefika na mstari mmoja juu yake: kiambatisho hiki kimezuiwa. Hapo ndipo watu walipokuwa wakimfuata, wengine kwa tabasamu, wengine kwa matusi yaliyofungwa kwenye salamu.

"Bawabu, nifungulie kidogo tu," daktari wa meno aliwahi kumwambia. "Ni programu ya kupanga miadi."

"Daktari, na wewe mgonjwa akikuambia umng'oe jino kidogo tu, unafanyaje?"

Hakuwa mtu wa roho mbaya. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye aliumwa kweli. Miaka tisa nyuma, mfamasia mkuu wa wakati ule alimlilia kuhusu faili lililozuiwa, na Bawabu, kwa huruma na uvivu wa Ijumaa, akampa ujanja: mwambie aliyekutumia alibadilishe jina, alimalizie jina kama la faili la maandishi tu, likifika ulirudishie jina lake. Faili likapita. Jumatatu kila kompyuta ya wodini ilikuwa imefungwa na watu wasiojulikana. Siku kumi na moja wauguzi waliandika kwenye makaratasi, na mzee mmoja wa wodi namba nne akadungwa dawa ileile mara mbili kwa sababu karatasi yake ya kwanza ilipotea. Mzee alipona. Bawabu alikwenda kumtazama kila jioni hadi aliporuhusiwa, na hakuwahi kumwambia ni kwa nini.

Tangu hapo ukutani kwake kulikuwa na karatasi ya maneno mawili: Kwanza mpigie.

Alhamisi moja asubuhi aliyeingia chumbani mwake alikuwa dada yake. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, mpaka presha ya macho ilipomnyang'anya sindano. Sasa jicho la kulia lilikuwa limekwishazima, na la kushoto liliona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Alitembea mkono mmoja ukutani, akaketi bila kuelekezwa, mkoba mapajani.

"Imefika?" aliuliza.

Bawabu alijua anauliza nini. Mwanawe wa pekee, aliyekuwa mpima ardhi, alikuwa amefariki miezi mitatu iliyopita kwa ugonjwa wa mapafu. Katika mwaka wake wa mwisho alikuwa akibaki ofisini saa za chakula, akimtengenezea mama yake programu ya kumkumbusha matone ya jicho: saa mbili asubuhi, saa nane mchana, saa mbili usiku. Aliirekodi kwa sauti yake mwenyewe. Hakuwahi kuileta nyumbani. Kila mara alisema bado kidogo. Mama mtu hakuwa na rekodi nyingine yoyote ya mwanawe, kwa kuwa simu ya marehemu iliponzwa na ujinga wa jamaa mmoja aliyeifuta haraka ili aiuze. Na sasa mpima mwenzake, binti aliyekaa naye meza moja, alikuwa amepiga simu: kesho saa tisa alasiri kompyuta ya marehemu inafutwa kila kitu, apewe mfanyakazi mpya. Alisema ataituma programu ile kwa mjomba.

"Imefika, dada," alisema Bawabu. "Lakini imezuiwa."

"Imezuiwa na nani?"

"Na mimi."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Miaka yote aliwaambia wenzake kwamba sheria ni sheria, na leo sheria ilikuwa imekaa mbele yake imevaa miwani myeusi. Funguo zote alikuwa nazo. Angeweza kulegeza kanuni ile dakika mbili, atoe faili, aikaze tena, na pasingekuwa na mwanadamu wa kumuuliza. Mkono wake ulikwenda hadi kwenye kibodi. Ukarudi.

Alipiga namba ya binti mpima, siyo iliyoandikwa chini ya barua bali ile aliyoihifadhi tangu siku za msiba.

"Shikamoo mjomba. Umeipata?"

"Marahaba, mwanangu. Kweli ni wewe uliyetuma?"

"Ni mimi. Kwani imegoma? Basi ngoja niibadilishe jina nitume tena. Hapa ofisini wote tunafanya hivyo, inapita kama maji."

Bawabu alifumba macho. Maneno yaleyale, miaka tisa baadaye.

"Usibadilishe jina," alisema. "Ofisi yenu si ina hifadhi yake ya mafaili mtandaoni? Iweke humo, nipe ruhusa mimi peke yangu, kwa anwani yangu, kisha nitumie kiungo. Halafu nenda kwenye mashine ya marehemu mwenyewe, siyo yako, ukalitafutie faili hilo alama yake."

"Alama gani?"

Alimweleza taratibu. Kuna amri fupi ambayo kwayo kompyuta hulisoma faili zima na kutoa mstari wa herufi na tarakimu sitini na nne. Faili likiwa lilelile, mstari huwa uleule popote pale. Likiguswa hata nukta, mstari wote hubadilika. Alimtajia amri hiyo neno kwa neno, binti akaandika.

Kiungo kilifika kabla ya saa sita. Bawabu hakukifungua kwenye kompyuta ya hospitali. Kwenye kona alikuwa na kompyuta kongwe aliyoiita Mkiwa, isiyounganishwa na mashine yoyote ya hospitali, yenye modemu yake ndogo tu. Mkiwa alikuwa wa kujaribia vitu. Akiugua, anaugua peke yake. Bawabu alipakua faili humo, akachomoa modemu, akaendesha kipima virusi. Hakikuona kitu. Hilo pekee halikumtosha, maana kirusi kipya kipima nacho huwa hakikijui. Akatoa alama ya faili, kisha akapiga simu.

"Nisomee hiyo alama, nne nne."

"Saba, c, moja, e," alisema binti.

Kwenye kioo cha Mkiwa mstari ulianza na mbili.

"Rudia."

Alirudia. Saba, c, moja, e.

"Si lenyewe," alisema Bawabu.

Dada yake, aliyekuwa ameketi kama mtu aliye kwenye foleni ya kumuaga maiti, aliinua uso. "Si lenyewe vipi? Limetoka kwa nani, kama si kwa mwanangu? Fungua nimsikie."

"Dada, sijui ni nini hiki."

"Ni mwanangu!" Mkoba ulianguka. "Mdogo wangu, nimekulisha wewe uji kwa kijiko mama alipokuwa kitandani. Sijakuomba kitu. Kesho saa tisa wanamfuta, na wewe hata marehemu unamdai kitambulisho?"

Yalimchoma, tena yalimchoma mahali pake. Aliokota mkoba, akaurudisha mapajani mwa dada yake, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mdogo mtu anayemjibu mkubwa wake. "Ningekuwa sikupendi, ningefungua. Nipe nusu saa."

Simu ilikuwa bado hewani. Akamuuliza binti: faili ulilotuma ulilitoa wapi?

Binti akasema, "Mjomba, hilo nililotuma... ni lile nililo nalo kwenye kompyuta yangu. Alinipa nimjaribie, mwanzoni kabisa mwa mwaka. Nilidhani ni kitu kimoja, nikaona niokoe muda. Ngoja." Vidole vilisikika vikigonga. "Hili la kwenye mashine yake ni kubwa zaidi. Kubwa mara tatu. Tarehe yake ni..." Akaacha. "Ni siku moja kabla hajalazwa."

Bawabu alikaa chini. Alihesabu kichwani: kama barua ile ingepita, au kama angeifungulia mlango kwa huruma, wangelisikiliza hili la zamani, wangelia, wangeshukuru. Na kesho saa tisa lile jingine lingefutwa, na hakuna mtu duniani ambaye angejua kuwa liliwahi kuwepo.

"Liweke hilo," alisema. "Njia ileile."

Kiungo cha pili kilifika. Mkiwa akarudishiwa modemu, akapakua, akanyang'anywa modemu. Kipima virusi hakikuona kitu. Binti akasoma nne nne, Bawabu akifuata kwa kidole kwenye kioo, na dada yake akifuata kwa midomo ingawa hakujua anachofuata. Saba, c, moja, e. Wakaenda hadi mwisho, herufi ya sitini na nne, na hakuna iliyokosea.

"Ni lenyewe," alisema Bawabu. "Asante, mwanangu. Umetufaa sana."

"Msalimie mama," alisema binti, na akakata haraka, maana alikuwa ameanza kulia.

Aliifungua programu. Dirisha dogo la kijivu likatokea, lina saa ndani yake na hakuna kingine. Ilikuwa saa nane kasoro dakika nne.

"Mbona kimya?" aliuliza dada yake.

"Inangoja saa."

Wakaingoja pamoja. Dada alitoa chupa ya matone mkobani, akaifungua kwa kupapasa. Nje kitanda cha magurudumu kilipita, kikaenda zake.

Kisha sauti ikatoka, ya kijana aliye karibu sana na kinasa sauti, anayejitahidi asisikike na wenzake ofisini.

"Mama, saa nane. Jicho la kushoto, tone moja. Kama mjomba yupo, mwambie akushikie chupa, usijifanye shujaa."

Dada alimnyooshea Bawabu chupa. Aliishika. Akamwinulia kope, na tone likaanguka mahali pake.

"Sasa funga jicho. Najua huwa unafungua mapema. Leo tunahesabu wote mpaka sitini. Moja. Mbili. Tatu."

"Nne," alisema mama yake. "Tano."

Kijana alihesabu polepole, kila tarakimu kwa pumzi yake. Hakuwa ameikata rekodi wala kuisafisha. Walipofika thelathini na nane alikohoa, kikohozi kirefu kilichokwenda mbali na kurudi, na mama yake akanyamaza, akamngoja, kama alivyokuwa akimngoja usiku kucha wodini.

"Pole, baba," alisema.

"Samahani mama," alisema mwanawe. "Thelathini na tisa."

"Arobaini," alisema yeye.

Bawabu alikuwa bado ameshika chupa. Naye akaanza kuhesabu, kwa sauti ya chini, watatu pamoja, hadi sitini. Dirisha la kijivu likarudi kwenye saa yake. Dada yake hakufungua jicho.

"Saa mbili usiku," alisema, "atarudi."