Maikrofoni Kwenye Leso ya Shangazi

Shangazi alitaka sauti yake ibaki, nikamfuata Msambweni na maikrofoni ya kubana nguoni. Niliichomeka kwenye simu kwa adapta ya USB-C, nikahesabu moja mbili, nikajisikiliza, nikaridhika, nikambania kwenye leso. Tukafunga madirisha kwa ajili ya kelele za bodaboda, na feni tukaizima.

Katika kusimulia maisha yake alikuwa amefika kwenye kifo cha mumewe. Ukucha wangu ukaigusa simu mezani, na mstari wa sauti kwenye skrini ukaruka hadi juu. Mjinga mimi! Programu ilikuwa inarekodi kwa maikrofoni ya simu yenyewe, mbali naye. Lakini kwetu mkubwa hakatizwi. Nikakaa nikiloa jasho, nikiitikia "naam" kama msikilizaji mwema.

Alipomaliza nilifungua mipangilio, nikachagua maikrofoni ya USB, nikaikwaruza ile ya lesoni. Mstari ukaruka. Nikagonga simu, mstari ukatulia.

"Niwie radhi, shangazi. Sasa inakusikia. Tuanze upya."

Akaibandua maikrofoni lesoni, akanitilia kiganjani.

"Mwanangu, yale nilikuwa nikikwambia wewe."