Bima ya Magodoro ya Mama Pazia

Mtaa mzima ulijua kwamba Mama Pazia amepanua duka, kwa sababu mwenyewe hakuacha mtu apite bila kumwambia. Kwa miaka mingi aliuza mapazia na mashuka katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kisha shule ya bweni ikamwahidi oda ya magodoro kwa muhula ujao, kiwanda kikakubali kumpa mzigo kwa mali kauli, alipe akishauza, na mama wa watu akapandwa na wazimu wa biashara. Akabomoa ukuta uliotenganisha duka na sebule. Sebule ilipojaa, magodoro yakaingia chumbani kwake. Chumba kilipojaa, yakaingia korido, yakaegemezwa kwenye mlango wa nyuma na kupandishwa hadi darini. Yeye mwenyewe akahamia kulala dukani, juu ya godoro la maonyesho, akisema ndilo bora kuliko yote aliyowahi kulalia.

Chumba kimoja tu kilibaki chumba. Kilikuwa mwisho wa korido, na ndani yake aliishi mama yake mzazi, ambaye wateja wote walimwita Bibi. Bibi alikuja hapo baada ya kushindwana na mke wa mwanawe wa kiume, na tangu siku hiyo alikuwa anakunja pindo za mapazia kwa sindano ya mkono, ameketi kitandani karibu na dirisha la nondo. Hakuwa mtu wa kulalamika. Mama Pazia alilipenda sana jambo hilo kwa mama yake, na tukisema kweli, lilimpunguzia kazi.

Pepo la wasiwasi lilimwingia siku duka la viatu la barabara ya pili lilipoungua. Halikuungua lote, ni rafu za upande mmoja tu. Lakini mwenye duka alirudi kutoka kwenye kampuni ya bima kama mtu aliyepigwa kofi, akaeleza kwamba amelipwa nusu ya hasara yake. Mama Pazia akamwita wakala wake wa bima, kijana mwenye viatu vinavyong'aa hata mvua ikinyesha.

"Walimdhulumu," alisema Mama Pazia.

"Hawakumdhulumu, mama. Mzigo wake ulikuwa umefika mara mbili ya kiasi alichokatia bima. Kwa hiyo hesabu inakwenda kwa uwiano. Umekatia nusu ya thamani, unalipwa nusu ya hasara, hata kama kilichoungua ni kidogo."

Mama Pazia akageuza shingo kutazama magodoro yaliyokuwa nyuma yake. Hati yake ya bima ilikuwa ya mapazia na mashuka ya chumba kimoja.

"Na mimi?"

"Wewe ndio nilikuwa nakuja kukuuliza, mama. Nimepita hapa naona duka limefika uani."

Basi Mama Pazia akakaa kaunta kuandika barua. Aliandika, akachana, akaandika tena, maana alitaka isomeke kama ya mtu mwenye duka kubwa. Mwisho ikawa hivi: "Naomba kiasi cha bima ya bidhaa zangu kiongezwe kiwe mara mbili ya kilichoandikwa kwenye hati yangu, kwa kuwa katikati ya mwaka huu wa bima nimepanua duka. Nimeambatisha orodha ya bidhaa pamoja na risiti za kiwanda. Niko tayari kulipa nyongeza ya ada kwa miezi iliyobaki."

Wakala aliisoma akiwa amesimama, akairudisha kaunta.

"Nzuri. Ila sema umepanua kuelekea wapi, na useme kwamba sasa ni magodoro ya sponji. Sponji si pazia, mama. Ikishika moto inatoa moshi mbaya. Kampuni lazima ijue."

"Nikiyasema yote hayo si watanikatalia?"

"Usipoyasema, siku ya moto ndiyo watakukatalia. Tena jambo moja. Barua hii si bima. Mpaka wakujibu kwa maandishi kwamba wamekubali, bado una bima ya zamani tu."

Mama Pazia akaongeza mistari miwili chini: sebule, chumba, korido, magodoro ya sponji. Akatia sahihi, akamkabidhi. Siku zilizofuata alilala kwa mang'amung'amu. Jirani akichoma takataka, yeye yuko mlangoni ananusa. Mteja akitoa kiberiti mfukoni, anatolewa nje na kiberiti chake. Usiku alifunga mlango wa chuma wa mbele kwa makufuli mawili, akavaa funguo shingoni, akalala katikati ya mali yake asiweze hata kunyoosha miguu.

Kampuni haikujibu kwa karatasi. Ilimleta mkaguzi, mwanamke mpole wa umri wa makamo, mwenye futi ya kupimia na kalamu nyuma ya sikio. Mama Pazia alikuwa amejiandaa. Aliifuta kaunta, akavaa gauni lake la harusi za watu, akawa anamwonesha mzigo kama anayeuza: hili la inchi sita, hili la inchi nane, hili hata mtoto akiruka halibonyei.

Mkaguzi aliitikia kila kitu. Alipima sebule. Akatazama waya za taa zilizopita juu ya magodoro, akaandika. Kisha akaingia korido kwa ubavu, maana ndivyo ilivyobidi kupita, akafika mwisho na kukuta ukuta wa sponji.

"Hapa nyuma kuna nini?"

"Mlango wa uani. Lakini hautumiki."

"Na choo kiko wapi?"

"Uani. Tunazungukia mbele, kando ya nyumba. Si mbali."

Hapo ndipo mkaguzi alipoona kwamba kile alichodhani ni stoo kina mtu ndani. Bibi alikuwa kitandani na pindo lake, akainua uso, akaitikia salamu.

"Bibi, unalala humu?"

"Nalala humu, mwanangu. Karibu."

"Usiku duka likishafungwa, ukitaka kutoka unatokea wapi?"

"Natoka kwenda wapi?" Bibi akacheka.

"Chooni, tuseme."

Bibi akamtupia macho binti yake, kisha akairudia sindano. "Siendi. Huyu anachoka mchana kutwa, nimwamshe afungue makufuli kwa ajili ya haja ndogo? Ndoo ninayo. Na chai ya jioni niliiacha tangu mzigo ulipoingia. Nisipokunywa, sihitaji."

"Na binti akisafiri?"

"Akienda kiwandani akalala huko, ananifungia kwa nje. Mzigo ni mkubwa, mwanangu. Wezi wengi."

Mkaguzi aliangalia dirisha la nondo, akaangalia korido, akaandika. Mama Pazia alibaki mlangoni na gauni lake la harusi. Chai ile aliiona kila jioni ikirudi imejaa, akasema moyoni uzee huo, wazee hawana hamu. Alikuwa akiimwaga na kuosha kikombe. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, akatamani ardhi ipasuke, lakini hata pa kupasukia hapakuwapo, kote kulikuwa na magodoro.

Jibu lilikuja baada ya wiki moja, na wakala aliyelileta hakutania. Kampuni haiwezi kuongeza kiasi cha bima kwa hali ilivyo. Itafikiria ombi ikiwa magodoro yatahamishiwa ghala lisilokaliwa na watu. Na kwa kuwa imeshaarifiwa kwamba matumizi ya jengo yamebadilika, anatakiwa ndani ya siku kumi na nne kufungua mlango wa nyuma, kusafisha korido, na kurudisha ukuta kati ya duka na makazi. La sivyo, hata bima ile ya zamani itasitishwa kwa taarifa ya maandishi.

"Kwa hiyo nimeandika barua ya kuongezewa, nikapata ya kunyang'anywa," alisema Mama Pazia.

"Ningekwambia usiandike ningekuwa nimekudanganya, mama."

Alikaa chini akaupima mtego wake pande zote. Kiwanda hakirudishiwi mzigo wa mali kauli. Ghala la kukodi halikodishwi kwa maneno, na kila senti yake ilikuwa sponji. Shule ingelipa ikifunguliwa, na kufunguliwa kulikuwa bado sana. Njia moja tu ilikuwa haina gharama, na aliyeitaja hakuwa yeye.

"Mimi nirudi kwa kaka yako," alisema Bibi jioni ile. Tayari alikuwa amekunja kanga zake juu ya kitanda. "Nikitoka, nawe ukilala kwa jirani, hapa panakuwa stoo. Watakuandikia hiyo bima."

"Kule walikunyima hata funguo ya jiko, mama."

"Nimezoea kukaa mahali padogo, mwanangu. Wewe mwenyewe unaona."

Alilisema bila kinyongo, na hilo ndilo lililomchoma Mama Pazia. Angelaumiwa angejitetea, maana kujitetea alijua. Akalia kama mtoto, ameegemea magodoro ya inchi nane.

Asubuhi alivuka barabara kwenda kwa mpinzani wake, mwenye duka la vitanda aliyeitwa Mzee Punguza kwa sababu hakuwahi kumpunguzia mtu hata shilingi. Kwa miaka mingi walikuwa wakisalimiana kwa kukunja midomo. Mzee Punguza alimsikiliza, akajua mwenzake amebanwa ukutani, akataja bei chini ya ile ya kiwanda.

"Na oda ya shule uniachie," aliongeza.

"Oda ya shule ni yangu."

"Utawapelekea mapazia walalie?"

Mama Pazia alitamani kumtukana hadi kizazi cha tatu. Badala yake akamwambia alete mkokoteni wake, tena aanzie korido.

Magodoro yalitoka mchana kutwa, na mtaa uleule uliojua amepanua duka ukasimama kutazama likipungua. Fundi alirudisha ukuta. Waya zikafungwa vizuri. Mlango wa nyuma ulikuwa umevimba kwa unyevu, ikabidi Mama Pazia aupige bega mara kadhaa, na ulipofunguka, alitoa kufuli lake akaweka komeo la ndani, jepesi, linalosukumwa kwa kidole. Kisha akaandika barua nyingine kwa kampuni, safari hii bila kuichana: mzigo umepungua hadi kiasi kilichomo kwenye hati, ombi la nyongeza analifuta, mkaguzi aje kuthibitisha. Deni la kiwanda lilibaki, na alijua litamkalia kooni mwaka mzima. Atalilipa kwa mapazia, pazia moja moja.

Jioni alichemsha chai, akaipeleka mwisho wa korido. Bibi alikipokea kikombe, akakishika kwa mikono miwili, akamtazama.

"Kunywa, mama."

Bibi akanywa. Alikunywa hadi mwisho, akakipindua kikombe kuonesha, kisha akaomba kingine. Mama Pazia alikileta akaketi sakafuni mle koridoni, palipokuwa na magodoro, hana la kufanya. Baada ya muda Bibi aliinuka, akavaa ndala, akampita. Alisukuma komeo kwa kidole, akatoka uani peke yake.