Kioo Kilichokuwa Chepesi

Niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja pale mtaa wa Landless aliniambia niandike jibu lililo kwenye kitabu nimalizane nalo. "Hii ni praktiko ya fizikia unarudia. Ukianguka tena hugraduate. Utamwambia mamako nini?"

Mama alikuwa sokoni Kimbo akiuza mboga, na nguo ya siku ya mahafali yangu alikuwa ameshashonesha. Swali lilinichoma. Lakini mimi ni mkaidi. Cucu, nyanya yangu, alisema nilizaliwa nikibishana.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Mwanga wa leza unapita kwenye filta, unatoka ukitikisika upande mmoja tu. Unapenya kijiti cha kioo kilicholazwa ndani ya koili ya waya, halafu unazungusha filta ya pili hadi uone giza. Ukiwasha umeme, sumaku ya koili inageuza ule upande wa mtikisiko, na mwanga unarudi. Unazungusha tena kidogo, giza linarudi, na hicho kidogo ndicho unachopima. Ukikigawanya kwa nguvu ya sumaku na urefu wa kioo, umepata konstanti, namba ya kioo hicho isiyobadilika.

Yangu ilikuwa theluthi tu ya ile ya kitabu. Nikabadilisha waya umeme uende kinyume: giza likahamia upande wa pili, kiasi kile kile. Nikapunguza umeme nusu, mzunguko ukapungua nusu. Nilirudia hadi macho yakaniuma, na bado. Nikaandika nilichoona.

Lekchara aliisoma ripoti mbele yangu. "Darasa zima wamepata ya kitabu. Ni wewe tu hujapata?"

Niliogopa, aki, lakini hasira ikawahi. "Mwalimu, si uje upime mwenyewe."

Alikuja. Akafunga mapazia, akainamia filta muda mrefu, akabadilisha waya kama mimi. Kisha akachomoa kijiti, akakipima urefu na unene, akakiweka kwenye mizani.

"Kioo cha kitabu kina madini ya risasi, ni kizito," akasema. "Hiki ni kioo cha kawaida. Mtu alibadilisha, lebo ya sanduku ikabaki."

Nikapumua. Nimepita! Ndipo akavuta ripoti za wengine. "Wote walitumia kijiti hiki hiki. Sasa hawa walipima nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Wote waliambiwa warudie somo mwaka ujao, mwenzangu wa chumba akiwemo.

Jioni alipika githeri, akagawa sahani mbili kama kawaida. Nilitamani anitukane.

"Ulikuwa kando yangu nikipima," akasema. "Uliona nimepata ngapi?"

"Niliona. Ulipata kama yangu."

"Nilipata," akasema. "Halafu nikafuta."

Mamake huko Ngoingwa alikuwa ameshaalika watu kwa mahafali. Simu ya mwenzangu ililia mezani katikati yetu, jina la mamake likasomeka, na hakuna aliyeigusa.