Meza Isiyojua Kukimbia

Mahali penyewe palikuwa futi tatu kwa mbili. Palikuwa kando ya ukuta wa ofisi ya manispaa, kati ya mama wa machungwa na ngazi za benki. Mama yake Soksi alipakalia miaka kumi na moja akiuza soksi. Alipofariki, Soksi akaparithi, pamoja na shuka la bluu na jina.

Soksi alikuwa na stashahada ya biashara. Miaka minne alizunguka ofisi na bahasha, na kila ofisi ilimpa ushauri uleule: vijana mjiajiri. Basi akajiajiri. Sasa ofisi hizohizo zilimkimbiza kwa sababu amejiajiri.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Saa mbili asubuhi, mkusanya ushuru wa manispaa alipita akimkatia tiketi ya kukaa pale. Saa nne, askari wa manispaa walikuja na pikapu kumkamata kwa kukaa pale. Tiketi haikuzuia kukamatwa, na kukamatwa hakukurudisha ushuru. Hakuna aliyeona ajabu.

Kwa hiyo shuka lilikuwa na kamba kwenye pembe zote nne. Ukivuta mara moja, duka linakuwa furushi, na furushi linakuwa mgongoni. Barabarani unatoa jozi thelathini tu. Mzigo mwingine unalala kwa fundi cherehani uchochoroni. Kwenye kona anakaa mng'arisha viatu. Akigonga boksi lake kwa brashi mara mbili, mtaa mzima unahama. Pikapu ikipita, mtaa unarudi. Wateja wamezoea, wanasubiri na chenji mkononi. Baadhi yao ni askari wenyewe, wakishavua kofia.

Wachuuzi nao walikuwa na sheria yao, na hiyo ndiyo iliyoheshimiwa. Mahali ni pa yule mwenye bidhaa chini. Siku tatu mfululizo bila bidhaa chini, mahali pana mwenyewe mwingine.

Ndipo manispaa ikajenga soko la wachuuzi. Ililijenga nyuma ya machimbo ya zamani, mahali ambapo hata mbwa hapiti bila sababu. Tangazo likasema: kila mchuuzi akae kwenye kizimba chake siku tatu za uhakiki, yeye mwenyewe, ndipo apewe kitambulisho. Asiye na kitambulisho akikamatwa, mali haitarudi.

"Mwanangu, mimi nitakukalia pale," baba yake akasema.

Alikuwa fundi seremala, umri sitini na tisa. Tangu msiba hakuwa amesema sentensi ndefu kuliko hiyo.

"Baba, ile kazi ni ya kukimbia."

"Nitakaa."

Soksi akamwachia jozi za kuuza kwa fundi cherehani, nyingine akazibeba kwenda sokoni. Akamfundisha kamba. Vuta hapa, pitisha huku, bega. Mzee akatazama, akaguna. Siku zote alimwona mkewe akiinama juu ya shuka lile, na jioni akilalamikia kiuno. Yeye, fundi wa meza wa mtaa mzima, hakuwahi kumtengenezea hata kigoda. Hilo hakulisema. Alikuwa na mbao za kabati ambalo mkewe alilisubiri sana.

Kule sokoni, siku ya kwanza, hakuja mteja hata mmoja. Walikuja wachuuzi mia nne. Ikabidi wauziane. Soksi akamuuzia muuza vikombe jozi mbili, akanunua vikombe viwili. Muuza vikombe akanunua mikanda. Afisa wa uhakiki akapita na daftari, akaandika kwamba biashara imechangamka. Kisha akaagiza bidhaa zote zifungiwe vizimbani, zisitoke mpaka mgeni rasmi azione siku ya tatu.

Siku ya pili jioni Soksi alimkuta baba yake amekaa mlangoni.

"Wamechukua," mzee akasema.

"Wamechukua nini?"

"Meza."

"Meza gani, baba?"

Akaeleza kidogo kidogo, kama mtu anayeng'oa misumari. Alfajiri ya siku ile alipeleka meza kwa mkokoteni. Futi tatu kwa mbili, haikuzidi hata kidole. Miguu minne, droo moja, ukingo ili soksi zisidondoke. Kwa kuwa nafasi ilikuwepo, akapanga juu yake mzigo wote wa kwa fundi cherehani. Watu walisimama kuitazama. Mng'arisha viatu akagonga mara mbili, mtaa ukahama. Mzee akabaki.

"Askari akaniamkia. Shikamoo mzee, mbona hukimbii?"

"Ukamwambiaje?"

"Marahaba. Tiketi ninayo."

"Halafu?"

"Akaisoma. Akasema ni halali. Wakabeba meza." Akaonyesha vidole vinne. "Wanne. Mmoja akaniuliza natoza ngapi meza kama ile."

Soksi alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia.

"Baba, meza haijui kukimbia."

"Mama yako naye alichoka kukimbia."

Basi ikawa hivi. Bidhaa nyingine ziko kwa askari, nyingine zimefungiwa kizimbani. Jana yake mzee alikuwa hajatandika kitu, alikuwa anapiga randa mbao zile za kabati. Na meza, Mwenyekiti wa wachuuzi alikwisha kuamua, si bidhaa chini. Bidhaa zilikuwa juu. Kwa hiyo siku mbili zilikuwa zimehesabiwa. Soksi asipoenda sokoni kesho, anakosa kitambulisho. Akienda, mahali pa mama yake panakwenda.

"Nenda," mzee akasema. "Nitakaa."

Mgeni rasmi alichelewa kwa saa tano. Akakata utepe, akapigwa picha na vikombe, akaondoka. Soksi akapewa kitambulisho, akaambiwa bidhaa zitafunguliwa kesho alfajiri, akapanda gari la kwanza. Njiani akakisoma. Eneo la biashara: Soko Jipya. Kwingineko kosa.

Alipofika ukutani, jua lilikuwa linaelekea kuzama. Baba yake alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mbele yake alisimama kijana wa chaja, muuza chaja za simu, na furushi lake, na Mwenyekiti, mikono nyuma.

"Mzee wangu, nakuheshimu," Mwenyekiti alikuwa akisema. "Ila leo ni ya tatu. Bidhaa iko wapi?"

"Inakuja."

"Tangu asubuhi inakuja. Inatoka ng'ambo?"

"Mimi nina digrii, mzee," kijana wa chaja akasema kwa upole. "Nimesubiri mahali mwaka mzima."

Mikononi Soksi hakuwa na kitu ila kitambulisho. Akafungua mdomo. Mzee akamtazama, kisha akainama. Akavua kiatu cha kulia, halafu cha kushoto. Akavua soksi. Za kijivu, zenye mstari. Mkewe alimchagulia mwenyewe kutoka furushi jipya, akakataa kumtoza. Akazikunja pamoja jinsi zinavyokunjwa dukani. Akaziweka chini.

"Bidhaa," akasema.

Mama wa machungwa akaziba mdomo kwa kanga.

"Mzee," Mwenyekiti akasema, "hizo zimevaliwa."

"Na wewe unauza nini?"

Mwenyekiti aliuza mitumba. Mashati. Akakuna kidevu muda mrefu.

"Bidhaa iko chini," akaamua. "Kijana, kamtafute aliyelala."

Kijana wa chaja akajitwika furushi. Hakugomba, alichukua ndoo nyingine tu, akakaa upande wa pili wa barabara, akiwatazama.

Ofisi zikafunga. Karani mmoja akatoka, akasimama mbele ya jozi ile moja, akaigusa kwa kidole.

"Hizi bei gani?"

"Hatuuzi," mzee akasema.

"Anatania, kaka," Soksi akadakia. "Kesho saa mbili zitakuwepo mpya. Njoo." Akachuchumaa karibu na baba yake, akamsogezea viatu. "Vaa, baba. Saa moja ya kufunga bado haijafika, tukae mpaka watu waishe."

Mzee akavaa viatu bila soksi. Hakuinuka.